Ombi la malipo limekwenda, simu imenyamaza

Karasha likikatika mkanda, kazi ya watu wengi husimama. Waliotoa mawe duarani hukaa juu ya viroba vyao kusubiri kusagiwa, mwenye karasha huhesabu saa zinazompita, na kule mwaloni hakuna mchanga wa kuosha. Katika kata ya Rwamgasa, mkoani Geita, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuwapo kwa miongo mingi, mtu mwenye shida ya namna hiyo hafungi safari kwenda dukani. Hupiga simu: “Bosi, nipakilie mkanda kwenye bodaboda, nitumie ombi nilipe sasa hivi.”

Ombi hilo ndilo ninalotaka tulikague. Muuzaji anaandika kiasi na namba ya mteja kwenye mfumo wake, anabonyeza, na papo hapo kwenye kioo cha simu ya mteja hujitokeza maandishi yanayomtajia jina la biashara na fedha inayodaiwa, kisha yanamtaka aweke namba ya siri. Wengine wameshazoea kuliita “pushi”. Ni nafuu kubwa ukikumbuka utaratibu tuliouzoea tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008: mteja apige *150*00#, achague kulipa, aandike namba ya kampuni, aandike kumbukumbu namba, aandike kiasi, na akikosea tarakimu moja fedha iende kwa mtu asiyemjua. Kwa pushi, yote hayo ameshayaandika muuzaji. Mteja amebakiwa na namba ya siri tu.

Shida huanza pale mteja asipojibu. Hakatai, hakubali, na mfumo hausemi chochote. Nimeona watu wengi wakiuchukulia ukimya huo kuwa sawa na kushindwa, wakabonyeza tena. Hapo ndipo mteja anapokatwa fedha mara mbili.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mfano wenyewe nimeutunga, ila kila hatua inafuata namna mifumo hii inavyofanya kazi. Saa 4:42 asubuhi, mwenye karasha anaagiza mkanda na gololi za chuma, jumla shilingi 185,000. Kijana wa dukani anatuma ombi. Mfumo wa duka umeunganishwa moja kwa moja na mtandao wa simu kupitia M-Pesa OpenAPI ya Vodacom, na unachotuma ni maelezo mafupi kama haya, ambayo hapa nimeyaandika kwa namba za majaribio:

```
{
  "input_Amount": "185000",
  "input_Country": "TZN",
  "input_Currency": "TZS",
  "input_CustomerMSISDN": "000000000001",
  "input_ServiceProviderCode": "000000",
  "input_ThirdPartyConversationID": "RWG0417",
  "input_TransactionReference": "T0417",
  "input_PurchasedItemsDesc": "Mkanda na gololi"
}
```

Mstari wa kuutazama ni ule wenye `RWG0417`. Hiyo ni namba ambayo duka lenyewe limelipatia ombi hili, kama namba ya risiti kwenye kitabu cha karatasi. Umuhimu wake utaonekana mbele kidogo.

Dakika moja inapita. Mfumo wa duka umesubiri jibu hadi ukachoka na kukata mawasiliano. Kioo cha kijana kinaonyesha kwamba muda umekwisha. Bodaboda yuko nje, injini inanguruma. Kijana anabonyeza “tuma upya”, na mfumo, kwa kuwa haukutengenezwa kwa uangalifu, unatunga namba mpya, `RWG0418`, na kutuma ombi la pili la shilingi 185,000.

Kilichotokea upande wa pili ni hiki. Mteja aliliona ombi la kwanza. Alikuwa ameshika spana, akafuta mikono, akaweka namba ya siri katika sekunde za mwisho mwisho. Mtandao ulipokea na kumkata 185,000. Ila jibu la kulifahamisha duka lilipofika, duka lilikuwa limeshaacha kusikiliza. Sasa kwenye simu yake linajitokeza ombi jingine, lenye jina lile lile na kiasi kile kile, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ya kwanza bado haujamfikia. Anajisemea la kwanza limekwama. Anaweka namba ya siri tena. Zimeondoka 370,000 kwa mkanda mmoja na gololi zake.

Hakuna aliyeiba hapo. Kijana alidhani anasaidia, mteja alidhani analipa mara moja, na mtandao ulitekeleza maagizo mawili yenye namba mbili tofauti, yote mawili yakiwa yamethibitishwa kwa namba ya siri sahihi. Kwa mtandao, hiyo ni biashara mbili halali. Kosa liko kwenye mfumo wa duka, uliokuwa na majibu mawili tu ya kumpa kijana, “imelipwa” au “imeshindikana”, wakati hali halisi ilikuwa ya tatu: haijulikani.

Hali hiyo ya tatu ndiyo kiini cha jambo lote. Ukimya wa simu huweza kuwa umetokana na mambo yasiyofanana hata kidogo, na kwa anayetazama akiwa dukani yote huonekana sawasawa.

Huenda ombi halikufika kabisa. Hapa inafaa kujua kwamba pushi ya aina hii kwetu hupita njia ya USSD, ile ile ya menyu za nyota na reli, na njia hiyo haina ghala. Ujumbe mfupi wa maneno, simu ikiwa imezimwa, huhifadhiwa mtandaoni na kuletwa baadaye. USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo: kama simu haipatikani wakati huo, ombi linakufa pale pale, na mteja akiwasha simu jioni hatalikuta. Mtu aliyeko ndani ya duara, mita kadhaa chini ya ardhi, hana mtandao. Mwingine ameiacha simu juu kwa mwenzake, na mwenzake hana namba ya siri wala hapaswi kuwa nayo. Hata aliyeko juu na mwenye mtandao anaweza kukosa ombi kwa sababu muda huo huo alikuwa kwenye menyu nyingine, labda anatazama salio ili aone kama litatosha kukulipa. Simu haiendeshi mazungumzo mawili ya USSD kwa wakati mmoja.

Halafu kuna habari ya laini. Watu wengi wana laini mbili: moja ya kupiga, nyingine yenye hela. Amekupigia kwa moja, fedha iko kwenye nyingine. Na tangu Machi 2017, mteja alipopewa ruhusa ya kuhama mtandao bila kubadili namba, tarakimu za mwanzo hazikuhakikishii tena yuko mtandao gani. Swali la kuuliza kabla ya kutuma chochote ni fupi: “Hela iko laini gani?” Linaokoa dakika nyingi.

Inawezekana pia ombi limefika na mteja ameamua kutojibu. Huyu hastahili kulaumiwa haraka. Tumeishi miaka mingi na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na tumewaambia wazee wetu wasiweke namba ya siri kwa jambo wasilolielewa. Sasa duka linalopitia kampuni ya kati ya malipo linaweza kumtokea mteja kwa jina la kampuni hiyo, jina ambalo hajawahi kulisikia. Akiliacha lipite, amefanya alichofundishwa. Dawa yake ni muuzaji kumwambia mapema kwenye simu: ombi litakuja na jina hili, la kiasi hiki. Jina likiwa jingine au kiasi kikizidi, usilipe.

Sababu nyingine ya kutojibu ni kwamba fedha bado haipo. Kwa mchimbaji mdogo, salio la simu hufuata mauzo ya dhahabu. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo biashara hiyo ina mahali pake rasmi, ila hadi gramu zake zipimwe na kulipwa mtu anaweza kukaa na deni la mkanda kutwa nzima huku nia ya kulipa anayo. Ukimtumia pushi ya kila dakika tano humwongezei salio. Unamchosha, na siku nyingine akiona jina lako kwenye kioo atageuza simu. Mtu wa namna hii anafaa kupewa Lipa Namba au kumbukumbu namba, kwa sababu hiyo hukaa ikimngoja. Serikali hukusanya ada zake kwa namba za malipo ambazo mlipaji huzitumia kwa wakati wake kabla hazijaisha muda, na kwa mteja wa “nitalipa jioni” mtindo huo ni bora kuliko pushi ambayo hufa ndani ya dakika moja au pungufu.

Aina ya mwisho ya ukimya ndiyo ya mfano wetu: mteja amejibu, amelipa, ila habari haijatufikia. Hii ndiyo ya kuogopwa, na ndiyo inayotulazimisha tusiamini ukimya wowote mpaka tuulize.

Na kuuliza kunawezekana. Vodacom wameweka huduma ya kutazama hali ya muamala, ambayo unaipelekea namba ile ile uliyoitunga, `RWG0417`, nayo hukueleza muamala ulikofikia. Huko Kenya, Safaricom wana huduma ya aina hiyo kwenye mfumo wao wa Daraja, na majibu yao huonyesha wazi kwamba kimya si kitu kimoja: namba `1032` maana yake mteja amefuta ombi mwenyewe, na `1037` maana yake simu yake haikufikiwa au hakujibu hadi muda ukaisha. Kwa Vodacom, `INS-0` ni kufanikiwa, `INS-5` mteja amekataa, `INS-2006` salio halitoshi, na `INS-9` muda umekwisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapotosha watu. Watengenezaji wengi wa mifumo huichukulia kuwa sawa na kushindwa. `INS-9` inakueleza kuhusu mawasiliano. Kuhusu fedha haijakuambia chochote.

Turudi dukani, safari hii mfumo ukiwa umetengenezwa vizuri. Saa 4:42, kabla ombi halijatoka, mfumo unaandika kwenye daftari lake: `RWG0417`, shilingi 185,000, hali `LIMETUMWA`. Ni lazima iandikwe kabla, kwa sababu umeme ukikatika sekunde inayofuata, tukiwasha tujue kuna jambo tuliloliacha njiani. Dakika moja baadaye jibu halijaja. Mfumo haumwonyeshi kijana neno “imeshindikana”. Unabadili hali kuwa `HALIJULIKANI`, unakifunga kitufe cha kutuma upya, na wenyewe unaanza kuuliza: baada ya nusu dakika, baada ya dakika mbili, kisha baada ya dakika kumi. Saa 4:44 jibu linarudi kwamba muamala umekamilika. Bodaboda anaondoka na mkanda, na mteja amelipa mara moja.

Je, kama jibu lingekuwa kwamba muamala haukufanyika? Hapo ndipo kitufe kinafunguliwa, na hata hapo ningependa kijana apige simu kwanza. Robo dakika ya maongezi itamwambia kama mteja ameiona, kama laini ni hiyo, kama hela ipo. Pushi ya pili isimshtukize mtu.

Na ikitokea mtu akalazimika kurudia ombi lile lile ambalo hatima yake haijajulikana, namba isibadilike. Mfumo wa Vodacom ukiona namba iliyokwisha kutumika hujibu `INS-10`, yaani muamala umerudiwa, na kukataa. Kijana atauona ujumbe huo kama usumbufu, ila ndio uliomlinda mteja na shilingi 185,000 nyingine. Namba mpya ni kwa biashara mpya, au pale ombi la kwanza linapothibitishwa kuwa limekufa.

Kuna mtego mwingine upande wa kupokea. Mitandao mingi na kampuni za kati hutuma taarifa ya malipo kwenye anwani ya mtandaoni ambayo duka limeitoa. Taarifa hiyo yaweza kuja mara mbili, au ikaja baada ya wewe kuwa umeshaupata ukweli kwa kuuliza. Mfumo ukiwa unahesabu kila taarifa kama malipo mapya, daftari litaonyesha fedha ambazo hazipo, na bidhaa zitatolewa mara mbili. Kinga yake ni mstari mmoja unaokubali badiliko mara moja tu:

```
UPDATE maombi SET hali = 'LIMELIPWA'
WHERE namba = 'RWG0417' AND kiasi = 185000
  AND hali <> 'LIMELIPWA';
```

Taarifa ya kwanza itabadili safu moja, na mkanda utoke. Ya pili itabadili sifuri, na hakuna kitakachotoka. Kiasi nacho kinalinganishwa, maana sitaki taarifa ya shilingi 18,500 ifungue mlango wa mzigo wa 185,000. Tena anwani hiyo isiwe kompyuta ya dukani inayozimika kila umeme unapokatika. Iwekwe kwenye mashine ya kukodi inayokesha mahali pengine, duka liwe linasoma tu.

Mstari huo haukatazi jambo moja, na nimeuacha hivyo kwa makusudi. Ombi ambalo duka limekwisha kulifuta bado linaweza kugeuka kuwa `LIMELIPWA`. Mteja alisubiriwa, hakuonekana, mkanda ukauzwa kwa mwingine. Saa nzima baadaye inapatikana habari kwamba kumbe alilipa. Mfumo unaokataa kupokea habari hiyo kwa sababu “ombi limefutwa” unakuwa umeificha fedha ya mtu. Ipokelewe, ioneshwe kwa rangi nyekundu, na mwenye duka aamue siku hiyo hiyo: ampe mkanda mwingine au amrudishie.

Kurudisha nako kuna wakati wake. Fedha ikiwa bado iko kwenye akaunti ya biashara kwenye mtandao, muamala unaweza kurejeshwa au mteja akatumiwa chake. Ikiwa imeshahamishiwa benki, au imeshanunua mzigo Mwanza, mteja huanza kuambiwa arudi kesho. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuhamisha chochote, daftari la duka lilinganishwe na taarifa ya miamala ya mtandao, mstari kwa mstari. Malipo yaliyorudiwa hujionyesha kwa urahisi: namba moja ya simu, kiasi kimoja, dakika chache katikati, risiti mbili. Na ombi lolote lililolala kwenye `HALIJULIKANI` halipaswi kufika asubuhi. Kama mfumo wa kuuliza umeshindwa kutoa jibu, mtu apige simu huduma kwa wateja akiwa na namba yake mkononi.

Neno kwa wenye maduka kuhusu ujumbe ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake. Mara nyingi ni wa kweli, ila maandishi ya ujumbe hughushiwa, na hata ukiwa wa kweli unaweza kuwa wa malipo ya jana. Mzigo utoke kwa kile kilichothibitishwa upande wako. Mweleze mteja hivyo kwa heshima, na umwombe namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe huo, kwa sababu kwa namba hiyo unaweza kuulizia mtandao mbele yake na jambo likaisha.

Nawe unayelipa, ukiona ombi la pili kutoka duka lile lile ndani ya dakika chache, usiweke namba ya siri. Liache lipite, kisha tazama salio: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Kama fedha imeshatoka, mpigie muuzaji na umsomee namba ya muamala.